"Nani amefariki?": uchambuzi wa kisa cha maelezo ya picha katika hafla ya kumuaga muuguzi mkunga

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania, wakati wa maandalizi ya kumuaga muuguzi mkunga aliyekuwa anatimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. Jina la hospitali na majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya tarehe zimesogezwa kidogo ili asitambulike mtu. Mstaafu nitamwita Mama M., kwa sababu ndivyo nusu ya hospitali ilivyozoea kumwita, na suala la aitweje kwenye slaidi lilikuwa sehemu ya kisa chenyewe.

Kamati ya maandalizi ilikuwa na watu watano, na kila mmoja alipewa lake: chakula, zawadi, ukumbi, ukusanyaji wa picha, na maneno ya kuandika kwenye picha hizo. Hilo la mwisho liliniangukia mimi. Ninafanya kazi katika kitengo cha kumbukumbu, na kwa kuwa ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao, ilidhaniwa kwamba ninajua kuandika. Nilikubali bila kujiuliza kama mhtasari wa kikao na mstari mmoja chini ya picha ni kazi ya aina moja, na sehemu kubwa ya yaliyofuata ilitokana na kosa hilo.

Tulikuwa na siku kumi na moja. Picha zilizokusanywa zilifika 112: nyingine zilitoka kwenye simu za wafanyakazi, na nyingine zilikuwa za karatasi kutoka miaka ya tisini, zilizopigwa upya kwa simu kando ya dirisha. Zilizotumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida zilifika zimepunguzwa ubora, kiasi kwamba zikikuzwa ukutani nyuso zilikuwa na ukungu, hivyo tukawaomba wenyewe wazitume upya kama dokumenti. Hafla ilipangwa kufanyika Ijumaa saa nane mchana katika bwalo la hospitali, kwa wageni wapatao 120. Kwa kazi yangu, jambo la kuzingatia lilikuwa kwamba wageni hao walikuwa wa makundi matatu yasiyojuana sana: wafanyakazi wenzake, familia yake, wakiwemo wakwe waliopatikana mwaka huohuo baada ya mwanawe kuoa, na viongozi waalikwa, akiwemo Mganga Mkuu wa Wilaya na viongozi wa dini.

## Rasimu ya kwanza

Rasimu ya kwanza ilikuwa na slaidi 64, kila moja ikipewa sekunde tano, jumla dakika tano na sekunde ishirini. Mandhari ilikuwa nyeusi, kwa hoja kwamba picha huonekana vizuri zaidi juu ya weusi, na maandishi yalikuwa meupe. Slaidi ya kwanza ilibeba picha ya Mama M. kuanzia kifuani, akiangalia kamera bila kutabasamu, picha iliyotolewa kwenye kitambulisho chake cha kazi. Chini yake niliandika majina yake matatu kamili, na chini ya majina, "1989 – 2023", yaani mwaka alioripoti kazini na mwaka anaostaafu.

Slaidi zilizofuata zilikuwa na sentensi kamili zilizoandikwa kwa uangalifu. Mojawapo ilisema: "Hapa Mama M. alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa uuguzi namna sahihi ya kujaza patografu katika wodi ya wazazi." Patografu ni chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa mama. Slaidi nyingine ilisema: "Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wazembe." Karibu na mwisho niliweka, "Mwendo ameumaliza", na slaidi ya mwisho kabisa ilisema: "Pumzika, Mama. Tutakukumbuka daima." Niliposoma peke yangu ofisini niliona kazi imekamilika, na nakiri kwamba mstari ule wa mwisho ulinitoa machozi kidogo.

## Swali la mtunza stoo

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya hafla, wanakamati tulikutana katika chumba cha takwimu tukiwa na projekta ya kuazima, tukaelekeza mwanga kwenye ukuta uliopakwa rangi ya krimu. Slaidi ya kwanza ilipotokea, mlango ulifunguliwa na mtunza stoo ya dawa akaingia na daftari lake la kusainisha. Alitazama ukutani, akavua kofia, akasogea karibu na mtu wa kwanza aliyemkuta na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Nani amefariki?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Alipoelezwa kwamba aliyepo ukutani ndiye aliyemsalimia nusu saa iliyopita langoni, alivaa kofia yake, akasainisha daftari, akatoka. Tulizima projekta. Mwenzetu mmoja alipendekeza tubadilishe mandhari iwe bluu tuendelee, na kwa dakika kadhaa hilo lilionekana kutosha. Tulijaribu, na matokeo yalikuwa tanzia ya bluu. Hapo ndipo ilipobainika kwamba rangi lilikuwa kosa dogo kuliko yote, na kwamba kilichotukwamisha kilikuwa ndani ya maneno yenyewe.

## Kwa nini ilisomeka kama tanzia

Mtanzania anayetumia simu huona matangazo ya tanzia karibu kila wiki, nayo yana umbo lililozoeleka: picha ya kifuani, majina kamili, miaka miwili iliyounganishwa kwa kistari, na mstari wa faraja. Slaidi yangu ya kwanza ilikuwa na vitu vitatu vya kwanza, na cha nne kilikuwa kwenye slaidi ya mwisho. Mtunza stoo hakusoma neno hata moja; alitambua umbo, kama mtu anavyotambua sare ya askari kabla hajaona uso.

Kisha kulikuwa na maneno ya kuazimwa. "Mwendo ameumaliza" linatokana na Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 7, na kwa Wakristo wengi nchini mstari huo husikika zaidi misibani kuliko mahali pengine popote. "Pumzika" ni neno lisilo na hatia likitamkwa kwa mtu aliyetoka shambani, lakini likiandikwa chini ya picha ya mtu, msomaji huongeza "kwa amani" mwenyewe. "Tutakukumbuka daima" ni ahadi anayopewa asiyeweza tena kupigiwa simu, na Mama M. alikuwa anahamia mtaa wa tatu kutoka hospitalini.

Kosa la ndani zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, lilikuwa la njeo. Karibu kila sentensi yangu ilianza kwa "alikuwa". Kwa Kiswahili, "-li-" haina ubaya inapobeba tukio lililokwisha lenye wakati wake: "Aliripoti kazini 1989" ni habari tu, na aliyeripoti anaweza kuwa amekaa mbele yako akinywa soda. Shida huanza pale "alikuwa" inapobebeshwa sifa ya mtu. Ukisema "alikuwa mpole", msikilizaji hujiuliza papo hapo ni nini kilichoukomesha upole huo, na jibu la karibu zaidi ni kifo. Upole wa Mama M. haukuwa unastaafu Ijumaa. Kilichokuwa kinakoma ni zamu zake. Nilikuwa nimeiga njeo ya mihtasari, ambamo kila kitu "kilijadiliwa" na "kiliamuliwa", nikaihamishia kwa mtu aliye hai.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandika upya kila mstari kwa kanuni moja: tukio libaki na "-li-", lakini sifa na mazoea yaandikwe kwa "hu-", "-na-" au "-me-". Sentensi ya upole na ukali tuliifuta kabisa, kwa sababu sifa isiyo na tukio haina cha kuonyesha. Mahali pa picha ya kitambulisho tuliweka picha iliyopigwa siku iliyofuata, Alhamisi, akiwa ameshika fungu la funguo mlangoni, na chini yake: "Mama M. anakabidhi funguo za wodi." Miaka miwili iliyounganishwa kwa kistari ilivunjwa. Mwaka wa 1989 ulipewa slaidi yake, yenye picha ya zamani ya msichana aliyesimama kwenye ngazi za hospitali: "Aliripoti kazini 1989, na begi moja na mwavuli." Begi linaonekana kwenye picha. Mwavuli hauonekani; tuliusikia kwa muuguzi mstaafu aliyempokea siku hiyo.

Mwavuli ule ulitupa kanuni ya pili. Tulipopitia rasimu tuligundua kwamba zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa inarudia kile ambacho jicho limekwisha kukiona: "Mama M. akikata keki" chini ya picha ya Mama M. akikata keki. Tukakubaliana kwamba mstari usioongeza jambo lisiloonekana uondolewe na picha iachwe isimame yenyewe. Picha iliyonufaika zaidi na kanuni hii ni ya benchi tupu lililo nje ya wodi ya wazazi, ambayo awali tulitaka kuitupa kwa kuwa haina mtu. Wauguzi wa zamu za usiku walieleza kwamba Mama M. hukaa hapo mara tu wodi inapotulia, na kwamba chai yake haijawahi kunywewa ingali moto. Mstari ukawa: "Saa tisa usiku. Chai hunywewa hapa, ikiwa imepoa." Herufi zake hazifiki 50, na kwa maoni yangu ndio mstari bora katika onyesho lote, ingawa jina lake halimo.

Uamuzi wa tatu ulihusu urefu, na hapa Kiswahili kina tabia yake. Maneno yetu ni machache lakini marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtenda, njeo na mtendwa, hivyo kuhesabu maneno hudanganya. Sentensi ya patografu iliyotajwa juu ina maneno 17, lakini herufi zake, pamoja na nafasi, zinafika 110. Tuliisoma kimyakimya huku simu ikihesabu, na wa haraka kati yetu alihitaji sekunde nane, kabla hata ya kuitazama picha. Kwa slaidi ya sekunde tano, mgeni angeishia kwenye "namna sahihi ya". Tuliweka ukomo wa herufi 60 katika mistari miwili, na sekunde nane kwa slaidi yenye maneno, nne kwa isiyo nayo. Sentensi ya patografu ikawa kauli anayoisema mwenyewe kila asubuhi wakati wa makabidhiano: "Patografu ikiachwa wazi, zamu haikabidhiwi." Ni maneno matano, na kila aliyewahi kufanya kazi naye aliyasikia kwa sauti yake.

Kuhusu mahali pa kukata mstari, tulijifunza kutoacha "ya", "wa" au "cha" ikining'inia mwishoni mwa mstari wa juu. "Funguo za" juu na "wodi" chini humfanya msomaji asimame katikati ya jambo moja. Mwiko huo ni mdogo, lakini ukivunjwa mara kumi mfululizo watu huchoka bila kujua sababu. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuchukue mfano wa kanga, ambayo jina lake husomeka wakati mvaaji anapita. Kwa urefu mfano huo ulitufaa sana. Kwa maana haukutufaa, kwa sababu jina la kanga mara nyingi ni fumbo linalokusudiwa kutafunwa nyumbani, na slaidi inayoondoka baada ya sekunde nane haimpi mtu nafasi ya kutafuna.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa jina. Wagonjwa humwita Sista, barua za ofisi humwita Bi. na jina la ukoo, vijana wa wodi humwita Mama M., na ndugu zake humwita Dada au Shangazi. Rasimu ilikuwa inaruka kutoka jina moja hadi jingine, kiasi kwamba mgeni wa upande wa wakwe angeweza kudhani kuna watu wanne. Tulichagua Mama M. pekee, na majina kamili yakabaki kwenye kadi ya mwaliko na kwenye cheti.

Picha za wagonjwa zilichukua nusu siku nzima ya Alhamisi. Kulikuwa na picha tisa zilizoonyesha akina mama au watoto wachanga, na nane ziliondolewa bila mjadala. Ya tisa ilipendwa na wote: mikono ya Mama M. ikimfunga mtoto kwa kitenge, bila uso wa mzazi. Tulipoikuza ukutani tuliona utepe wa mkononi mwa mtoto, na jina la mama yake likisomeka waziwazi. Muuguzi mmoja alimfahamu mzazi huyo, akampigia, akaridhia. Hata hivyo tuliikata picha ili utepe usionekane, kwa kuwa ridhaa yake ilikuwa ya picha, si ya jina lake kuwekwa ukutani mbele ya watu 120.

Picha ya kikundi ya mwaka 1997 ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Ina watu wanane, na watatu kati yao wamefariki. Rasimu ilikuwa imeorodhesha majina yote manane na kuweka neno "marehemu" kwenye matatu. Hoja ya kuyaacha ilikuwa heshima kwa waliotangulia. Hoja ya kuyaondoa ilikuwa kwamba hafla ingegeuka, na kwamba baada ya kutoroka tanzia moja tulikuwa tunajiandikia nyingine. Tuliandika "Wodi ya wazazi, 1997" tu, tukaiongezea muda hadi sekunde kumi na mbili, na tukamwomba mshereheshaji asiseme lolote juu yake.

Mwisho kulikuwa na utani. Picha moja ilimwonyesha Mama M. amelaza kichwa mezani, na wafanyakazi walitaka iandikwe: "Zamu ya usiku, macho wazi." Iliondolewa baada ya mtu mmoja kuuliza Mganga Mkuu wa Wilaya ataisomaje. Utani mwingine ulipita. Mama M. anasifika kwa kulinda glavu na pamba kama mali yake mwenyewe. Huwezi kuchukua jozi ya pili bila kueleza. Chini ya picha yake akiwa mbele ya kabati la vifaa tuliandika: "Mkono wa birika: jozi moja, mgonjwa mmoja." Kwenye majaribio ya Alhamisi jioni ndio mstari uliochekesha kuliko yote, na hakuna aliyeuliza wakwe watausomaje.

Onyesho la mwisho lilikuwa na slaidi 36: zenye maneno 22 na zisizo na maneno 14, jumla dakika tatu na sekunde hamsini na sita, ikihesabiwa ile nyongeza ya picha ya kikundi. Ili fonti zisibadilike kwenye kompyuta ya mshereheshaji, tulilitoa kama video katika PowerPoint, kwa File > Export > Create a Video, baada ya kuweka muda wa kila slaidi kwenye sehemu ya Transitions. Slaidi isiyowekewa muda hupewa sekunde tano na programu yenyewe, na tulisahau mbili katika jaribio la kwanza.

## Siku yenyewe

Bwalo lina madirisha mapana upande wa magharibi, na saa nane na nusu jua lilikuwa limeanza kuingia. Shuka jeupe tulilotundika lilipauka, ingawa maandishi meupe ndani ya mkanda wa rangi ya kijani iliyokoza yaliendelea kusomeka. Tatizo ambalo hatukuliona kabisa lilikuwa la sakafu. Bwalo ni tambarare, na meza ya keki ilikuwa imewekwa mbele ya shuka, ikiwa na keki ya ngazi tatu. Waliokaa safu za nyuma waliona picha zote vizuri, lakini mstari wa chini wa maneno ulifichwa na keki na vilemba. Mshereheshaji, kwa nia njema, akaanza kusoma mistari kwa sauti. Hilo liliwasaidia wa nyuma na kuwavurugia wa mbele, kwani walikuwa wamemaliza kusoma na kucheka kabla hajafika mwisho.

Slaidi ya funguo ilipokelewa kwa vigelegele. Benchi la saa tisa lilipotokea, wauguzi walipiga meza, na wageni wengine wakawageukia kuuliza maana yake, jambo ambalo halikutudhuru. Picha ya 1997 ilipita kimya, ila Mama M., aliyekaa safu ya kwanza, alisikika akitaja majina manane taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio.

"Mkono wa birika" ulileta vicheko upande wa kushoto, walikokaa wafanyakazi, na upande wa kulia ukanyamaza. Mshereheshaji alikuwa ameusoma kwa sauti kubwa. Shangazi mmoja wa upande wa wakwe alimwinamia jirani yake, na baadaye kwenye foleni ya chakula alimuuliza mwanakamati, kwa adabu lakini bila tabasamu, kwa nini mzazi mwenzao ameitwa bahili siku ya kuagwa. Alielezwa habari za glavu, akasema ameelewa. Sina hakika kama alielewa.

Slaidi tatu za mwisho ziliacha kusema juu ya Mama M. na kuanza kusema naye. Ya mwisho ilikuwa picha ya simu yake ya vibonye ikiwa juu ya meza ya wodi, na maneno: "Mama, simu usizime. Tutakuuliza." Alicheka, kisha akafunika uso kwa ncha ya kitenge.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kubadilisha njeo ndiko kulikoleta tofauti kubwa kuliko kazi nyingine yote, na kulichukua saa mbili tu. Hatukuongeza sifa hata moja. Tulichofanya ni kumrudisha chumbani mtu ambaye maneno yetu yalikuwa yamemtoa. Mpito wa slaidi tatu za mwisho ulifaa kwa sababu haukuwa umetumika mapema. Katika rasimu ya kwanza "ame-" na "ume-" zilikuwa zimechanganyika tangu mwanzo, na kama zingebaki hivyo, maneno "simu usizime" yasingekuwa na uzito wowote.

Jambo la kuyatoa maneno kwenye kinywa cha mwenyewe, kama ile kauli ya patografu, lilifaa kwa wafanyakazi na kupita bila kugusa wengine. Sioni hilo kuwa kosa. Makundi matatu hayawezi kufurahia kila slaidi kwa pamoja, ila ilitupasa kuhesabu mapema ni slaidi ngapi za kila kundi. Tulipohesabu baadaye, kati ya mistari 22, minne pekee ndiyo iliyomgusa Mama M. nje ya hospitali, na familia ilikuwa karibu theluthi ya ukumbi.

Utani wa birika ulishindikana kwa sababu ambayo ningeweza kuijua. Utani kwetu una mwenyewe: mtani anafahamika, anasimama, anasema, na anayetaniwa anaweza kumjibu. Maneno hayohayo yangesemwa na muuguzi mwenzake akiwa na kipaza sauti mkononi, ukumbi mzima ungemwona anayetania na kumcheka pamoja na mtaniwa. Yakiandikwa ukutani hayana msemaji, kwa hiyo husomeka kama msimamo wa hospitali. Tena nahau ile tuliitanguliza mbele ya glavu. Aliyesoma "mkono wa birika" kwanza alikuwa amekwisha kuhukumu alipofika kwenye jozi. Kama tungeandika "Jozi moja, mgonjwa mmoja" pekee, na kumwachia mtani neno la birika, nadhani pande zote mbili zingecheka.

Maneno kuwekwa chini ya picha lilikuwa kosa la kufanyia majaribio katika chumba cha takwimu, ambako tulikuwa watano tuliosimama. Katika bwalo tambarare mkanda wa maneno ungekaa juu ya picha, na ingetosha mtu mmoja kwenda kuketi kiti cha nyuma kabisa, keki ikiwa imeshawekwa, kugundua hilo. Suala la mshereheshaji lilihitaji uamuzi pia: ama asome yote na slaidi zisiwe na maneno, ama anyamaze. Tulimwagiza kuhusu picha ya 1997 tu, naye akatii kuhusu hiyo tu.

Familia iliomba nakala ya video. Kabla ya kuitoa niliondoa neno la birika na kuacha glavu, nikatuma nakala moja kwa mwanawe na nyingine kwa Mama M. Siku nne baadaye alipiga simu kitengo cha kumbukumbu na kuuliza birika lake limekwenda wapi. Nilimweleza habari za wakwe. Alifikiri kidogo, akaagiza lirudishwe kwenye nakala yake yeye, na ile ya mwanawe ibaki kama ilivyo.